Shajara ya mradi: kanuni ya siku 200 na msimbo uliokuwa ukichungulia kesho

Siku ya 1

Kanuni ni fupi kiasi cha kuandikwa kiganjani. Bei ya kufunga ya leo ikiwa juu ya wastani wake wa siku 200, nashika kapu la hisa. Ikiwa chini, nakaa na taslimu. Sikopi, wala siuzi nisichonacho. Nataka kujua kama kanuni hii ingenisaidia kitu huko nyuma, na kabla ya hapo nataka kujua kama chombo nitakachoipimia kinasema kweli.

Data ni bei za kila siku za faharisi moja pana ya soko kwa miaka 20, gawio likiwa limejumlishwa. Nimechagua faharisi kwa makusudi. Ningechukua orodha ya kampuni zilizopo leo na kuzirudisha miaka 20 nyuma, ningekuwa tayari nimeshachungulia, kwa sababu orodha ya leo haina zile zilizofilisika njiani. Walionusurika siku zote huonekana hodari.

Miaka 5 ya mwisho nimeikata na kuiweka kwenye faili lingine. Msimbo wa mradi haulisomi kabisa faili hilo. Nimebaki na miaka 15 ya kufanyia kazi, yaani siku 3,780 za soko kwa hesabu ya siku 252 kwa mwaka. Kipimo changu kikuu kitakuwa uwiano wa Sharpe: wastani wa faida ukigawanywa kwa mtikisiko wake, kwa kipimo cha mwaka. Kununua na kukaa kimya kwa miaka hiyo 15 kunatoa 0.40. Hiyo ndiyo namba ya kushindana nayo.

Siku ya 2

Mistari mitatu ya Python, na kazi ikaonekana imekwisha:

```python
wastani = bei.rolling(200).mean()
ishara = (bei > wastani).astype(int)
faida = ishara * bei.pct_change()
```

Uwiano wa Sharpe: 1.4. Mstari wa mtaji unapanda kama ngazi, na miaka mibaya imekuwa ya kawaida tu. Nilimtumia picha rafiki yangu tuliyesoma naye takwimu. Jibu lake lilikuja fupi: "Kaka, hiyo bei ya kufunga uliijua saa ngapi?"

Nilimjibu kwamba nimeijua soko lilipofunga. "Basi mbona umelipwa faida ya tangu jana jioni?"

Hapo ndipo nilipoona. `bei.pct_change()` katika mstari wa leo ni badiliko la kutoka kufunga kwa jana hadi kufunga kwa leo. Ishara ya leo inatokana na kufunga kwa leo. Nikizizidisha pamoja, ninadai kwamba niliingia sokoni jana jioni kwa sababu ya jambo nililolijua leo jioni. Dawa ni neno moja:

```python
faida = ishara.shift(1) * bei.pct_change()
```

Uwiano umeshuka hadi 0.43. Kutoka 1.4 hadi 0.43 kwa kusogeza safu moja chini mara moja.

Sikulala vizuri. Kosa lenyewe ni la kawaida na hurekebishwa kwa sekunde. Kilichoniudhi ni kwamba 1.4 sikuitilia shaka. Ingekuwa 9 ningecheka na kurudi kutafuta kosa. Hii ilikuwa nzuri kiasi cha kuaminika.

Siku ya 4

Leo nimeacha soko kabisa na kutengeneza bei za uongo. Wazo ni lile la fundi anayejaribu mizani bila kuweka kitu juu yake: ikisoma kilo mbili, mizani ni mbovu. Bei zinazotembea mwendo wa mlevi, ambapo hatua ya kesho haina uhusiano wowote na za nyuma na wastani wake ni sifuri, hazina faida ya kuvuna kwa kanuni yoyote. Jibu sahihi linajulikana kabla ya kuuliza.

```python
rng = np.random.default_rng(7)
r = rng.normal(0, 0.01, (2720, 1000))
bei = pd.DataFrame(100 * np.cumprod(1 + r, axis=0))
```

Hizo ni nyuzi 1,000 za bei, kila moja ikiwa na mtikisiko wa asilimia 1 kwa siku. Siku 200 za mwanzo natupa, maana wastani haujakamilika, na inabaki miaka 10 kamili. Kisha nikapitisha msimbo wa kwanza, ule mbovu, na kulinganisha na hesabu ya mkono.

Hesabu ya mkono inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Tofauti kati ya bei ya leo na wastani wa siku *n* ni jumla ya hatua za siku zilizopita, kila hatua ikiwa na uzito wake, na hatua ya leo ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote. Kwa hiyo ishara ya leo "inaijua" hatua ya leo kwa kiasi fulani. Kwa wastani wa siku 10, uhusiano kati ya tofauti hiyo na hatua ya leo ni kama 0.53. Kwa siku 50 ni 0.24, na kwa siku 200 ni 0.12 tu. Ukiubadilisha uhusiano huo kuwa faida ya uongo, unapata hivi: kanuni ya siku 10 inaonyesha Sharpe ya karibu 5, ya siku 50 inaonyesha 2.2, na ya siku 200 inaonyesha 1.1, sawa na faida ya takriban asilimia 12 kwa mwaka. Zote zimetoka kwenye kelele tupu. Kompyuta nayo ikatoa namba za jirani na hizo.

Tazama mwelekeo wake. Kadiri kanuni inavyokuwa ya polepole, ndivyo uvujaji wa habari za mbele unavyokuwa mdogo, na ndivyo unavyofanana na ukweli. Mwenye kanuni ya siku 10 atashtuka, maana Sharpe ya 5 haiokotwi. Mwenye kanuni ya siku 200 atapata 1.1 juu ya kile soko lenyewe linachotoa, atajipongeza na kwenda kufungua akaunti. Kosa ni lile lile, katika mstari ule ule. Na 1.4 yangu ya juzi sasa inaeleweka: sehemu kubwa yake ilikuwa uvujaji ukipanda juu ya mwelekeo wa kawaida wa soko.

Baada ya kuweka `shift(1)`, wastani wa nyuzi 1,000 ukaangukia karibu na sifuri. Mizani imetulia.

Bado kuna unafuu kidogo uliobaki ndani ya `shift(1)`. Inachukulia kwamba nimeiona bei ya kufunga, nimepiga hesabu, na nimenunua kwa bei hiyo hiyo ya kufunga. Mtu halisi angenunua kesho yake. Kwa hiyo nimeongeza zoea: kila jaribio naliendesha na `shift(1)` halafu na `shift(2)`. Kanuni ya siku 200 haikutikisika, ikatoka 0.43 hadi 0.42. Matokeo yakiporomoka kwa kuchelewa siku moja tu, basi faida ilikuwa imekaa kwenye siku ambayo hukuweza kuifikia, au kuna mahali unachungulia.

Siku ya 6

Nimeongeza kichujio: nisiingie sokoni mtikisiko ukiwa juu ya kawaida. "Kawaida" nikaipima kwa wastani wa kati wa mtikisiko wa siku 20, yaani thamani inayokaa katikati zote zikipangwa kwa ukubwa. Uwiano ukapanda hadi 0.58. Nikaupeleka kwenye bei za mlevi, ukatoa sifuri safi. Nikataka kufunga kazi.

Kilichonizuia ni swali dogo. Wastani wa kati wa *lini*? Msimbo ulikuwa unasema `mtikisiko.median()`, yaani wa miaka yote 15 kwa pamoja. Siku ya mwaka wa pili ilikuwa inapimwa kwa kawaida inayojua kilichotokea mwaka wa kumi na nne. Ikiwa miaka ya mbele ilikuwa na misukosuko mikubwa, kizingiti kizima kinapandishwa, na mwaka wa pili unaambiwa "tulia, haya ni madogo" na mtu aliyetoka mbele.

Mbona bei za mlevi hazikukamata? Kwa sababu nilizitengeneza na mtikisiko usiobadilika. Wastani wa kati wa miaka yote na wa miaka miwili ni ule ule, hakuna siri ya kuvuja. Hapa nimejifunza kwamba jaribio la kelele linakamata uvujaji wa aina ambayo kelele yenyewe imeibeba, basi. Lazima liwe na mwenzake.

Mwenzake ni huyu. Hesabu ishara kwa data yote. Kisha kata data siku fulani, ifanye kama vile dunia imeishia hapo, na hesabu tena. Ishara za kabla ya siku hiyo lazima zifanane moja kwa moja, maana siku zijazo haziwezi kubadilisha nilichokiamua jana:

```python
kamili = ishara_za(bei)
fupi = ishara_za(bei.iloc[:2000])
assert fupi.equals(kamili.iloc[:2000])
```

Msimbo ukaanguka pale pale. Nilibadilisha `median()` kuwa `expanding().median()`, inayotumia siku zilizopita tu, nikakata sehemu kumi tofauti, na zote zikapita. Uwiano wenye kichujio sasa ni 0.45. Kutoka 0.43 huko si kupanda, ni kukohoa. Kichujio nimekitoa.

Jaribio hili la kukata nalo lina upofu wake. Lisingekamata kosa la siku ya 2, kwa sababu pale ishara yenyewe ilikuwa halali. Kilichokosewa ni kuilipa faida ya siku isiyo yake. Kila moja linaona pale ambapo jingine halioni, kwa hiyo sasa yanaendeshwa yote mawili kila ninapohifadhi faili.

Siku ya 9

Leo nimefanya dhambi ninayoijua. 0.43 dhidi ya 0.40 ya kukaa kimya haikunifurahisha, nikaanza kutafuta vigezo bora. Badala ya bei na wastani mmoja, nikatumia wastani wa haraka ukivuka wastani wa polepole: wa haraka kuanzia siku 5 hadi 50, kila siku 5, wa polepole kuanzia 60 hadi 240, kila siku 20. Kumi mara kumi, michanganyiko 100.

Bora kuliko wote: 25 na 180. Sharpe 0.61.

Kabla ya kusherehekea nilirudi kwenye daftari la takwimu. Kosa sanifu la uwiano wa Sharpe wa mwaka, yaani kiasi unachoyumba kwa bahati tu, kwa kanuni isiyo na thamani yoyote, ni takriban moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Kwa miaka 15 ni 0.26. Ukiwa na kanuni 100 zisizo na thamani, zisizotegemeana, aliye juu kuliko wote hukaa kwa kawaida makosa sanifu 2.5 juu ya wastani, yaani 0.65. Michanganyiko yangu si huru, 25 na 180 ni ndugu wa 30 na 180, kwa hiyo idadi ya kweli ni ndogo sana kuliko 100 na kilele cha bahati kinashuka. Lakini hesabu inatosha kunionyesha kwamba 0.61 iliyochaguliwa kati ya mia si 0.61 iliyotajwa mapema. Yule anayefunua kadi mia kisha akaonyesha dume la kopa hajabashiri kitu.

Siku ya 10

Kupima kilele cha bahati kwa data yangu mwenyewe: nimechukua mabadiliko ya kila siku ya miaka 15 na kuyachanganya kama karata. Mwelekeo wa jumla wa soko unabaki, ukubwa wa siku mbaya na nzuri unabaki, ila mpangilio umekufa. Kanuni ya kufuata mwelekeo haina tena cha kufuata. Kisha, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwenye kila data iliyochanganywa siiendeshi 25 na 180 peke yake. Naendesha *michanganyiko yote 100* na kuchukua kilele, kwa sababu hicho ndicho nilichokifanya kwenye data halisi. Mtafutaji lazima apimwe pamoja na utafutaji wake. Mwanauchumi Halbert White alichapisha mwaka 2000 njia rasmi ya kupima aina hii ya bahati. Yangu ni binamu yake wa kijijini.

Mara 500. Katika mara 118, kilele cha data iliyochanganywa kilifika 0.61 au zaidi. Karibu robo. Yaani mtu anayetafuta kama nilivyotafuta, mahali ambapo hakuna kitu, angepata nilichopata mara moja katika kila nne.

Tahadhari moja kuhusu kuchanganya siku moja moja: kunaua pia tabia ya misukosuko kuja kwa makundi, na kanuni inayokwepa vipindi vya vurugu inaweza kuonekana hodari kwa sababu hiyo, si kwa kufuata mwelekeo. Nilirudia kwa kuchanganya vipande vya siku 20 vikiwa vizima. Robo ikageuka kuwa zaidi kidogo ya robo. Hakuna habari mpya.

Siku ya 11

Bado nilikuwa na ubishi, kwa hiyo nimeangalia majirani. 20 na 180 inatoa 0.44. 30 na 180 inatoa 0.41. Kilele changu ni mwiba, si uwanda. Kama kuna jambo la kweli sokoni linalochukua takriban miezi tisa kujitokeza, haliwezi kujali kama mimi nimetumia siku 25 au 30.

Nikafungua orodha ya miamala yenyewe, kitu ambacho nilipaswa kufanya tangu mwanzo. Miaka 15, siku 3,780, lakini kuingia na kutoka ni mara 29 tu. Hii ndiyo sampuli yangu ya kweli. Na tofauti yote kati ya 25 na majirani zake ilikuwa inatoka kwenye muamala mmoja: 25 ilitoka sokoni siku tatu kabla ya wiki moja mbaya sana, 30 ikatoka baada yake, na 20 ilikuwa imetoka mapema ikarudi ndani siku moja kabla. Nilipozifuta siku zile tano kwenye hesabu, watatu wote wakawa ndani ya 0.03 wao kwa wao.

Kwa hiyo gridi yangu ya mia haikugundua kigezo. Ilikariri tarehe. Kama mwanafunzi anayejua kwamba jibu la swali la saba ni B.

Siku ya 13

Nimerudi kwenye siku 200, ile niliyoiandika kabla ya kuona chochote. Si kwamba 200 ina uchawi. Ni kwamba sikuichagua kwa kuangalia matokeo.

Nilifikiria kufungua faili la miaka 5 na kuwalinganisha wote wawili, 200 na 25/180. Kabla ya kufungua nilipiga hesabu ya kosa sanifu kwa miaka 5: moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha 5, karibu 0.45. Maana yake kanuni ya kweli yenye 0.6 na kanuni ya bure kabisa zinaweza kutoa namba zile zile kwa miaka 5 bila mtu kushangaa. Faili lile lina uwezo wa kunionyesha maafa, kwa mfano msimbo uliovunjika au mporomoko ambao miaka 15 haikuwahi kuuona. Halina uwezo wa kunichagulia mshindi kati ya kanuni mbili zinazofanana. Nikilitumia kwa kazi hiyo, nitakuwa nimeongeza safu moja tu kwenye gridi yangu, na faili halitakuwa tena geni.

Basi nimeandika kwanza, kwenye daftari, nitakachokubali na nitakachokataa: kanuni moja tu, siku 200, `shift(2)`, ada na pengo la bei ya kununua na kuuza vikiwa vimekatwa. Nitaiacha kama mporomoko wake kutoka kilele utazidi ule wa kununua na kukaa, kwa sababu kupunguza mporomoko ndiyo kazi pekee ninayoitarajia kutoka kwake. Sharpe nitaiandika, lakini haitaamua kitu.

Siku ya 14

Nimefungua. Sharpe ya miaka 5: 0.29 kwa kanuni, 0.37 kwa kukaa kimya. Mporomoko mkubwa zaidi: asilimia 17 kwa kanuni, asilimia 26 kwa kukaa kimya. Katika kuingia na kutoka mara 11, mara 7 zilikuwa hasara ndogo ndogo za soko lisilo na mwelekeo, bei ikivuka wastani na kurudi ndani ya wiki.

Kwa sharti nililoandika, kanuni imepita. Vilevile imegharimu sehemu ya faida, na hakuna kigezo nitakachogusa ili kurekebisha hilo, maana faili hili sasa limeshaonekana na kila badiliko litakuwa limejifunza kutoka kwake. Kuanzia kesho ishara itaandikwa kila jioni baada ya soko kufunga, kwenye faili ambalo mistari yake huongezwa tu, haifutwi, bila fedha ndani.

Hesabu ya majaribio hadi leo, ikiwemo yale niliyoyaona aibu kuyaandika: 131. Faili la miaka 5: limefunguliwa mara 1.